Kiti cha Miezi Minane

Mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Katanga, jirani yangu wa meza sokoni Kamina, muuza unga wa muhogo, alipanda treni ya Kasai na watoto wake na masufuria mawili. Kabla hajaondoka aliniambia, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "Yaya, chunga meza yangu." Nikamwambia ataikuta. Nilisema haraka tu, ili asilie mbele ya askari.

Jirani huyo alikuwa mjumbe wa kamati ya soko, kwenye kiti cha safu yetu ya vitenge na unga. Juma halikuisha, mwenyekiti wa kamati akaja kwetu akitembea polepole kama mwenye mali.

"Kiti iko wazi," alisema, akijigonga kifua. "Minyi njo président, nitaweka muke wa ndugu yangu. Na meza za bale bantu balienda, tutazigawa."

Nikamjibu, "Papa, hii kiti si ya kwako. Ni ya bamama ba hii safu."

"Weye mutu wa Maniema, hii inakuhusu nini?"

Babu yangu alifika hapa kutoka Maniema na misafara ya biashara, mimi nimezaliwa Kamina, na bado naulizwa hilo. Nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa zamani, aliyekuwa ameandika kanuni za kamati kwa mkono wake. Akafungua daftari. Mjumbe akiondoka kabla ya muda wake, wenye meza wa safu yake hupiga kura kuziba nafasi ile tu. Ndio uchaguzi mdogo. Atakayeshinda hapati muhula mpya, anamalizia uliobaki. Ilikuwa imebaki miezi minane.

Niliamua kugombea, nikarudi kumwonyesha ilani yangu, karatasi mbili zilizojaa: paa la bati, bomba la maji, choo kipya. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, kiti moja haijenge choo. Ahidi kile ile kiti inaweza."

Kisha akanionyesha mstari mmoja: meza ya safu haigawiwi bila sahihi ya mjumbe wa safu. Basi nikaelewa kwa nini mwenyekiti alikuwa na haraka. Nilichana karatasi zangu, nikaandika sentensi moja: *Sitatia sahihi kugawa meza ya aliyefukuzwa.* Nikatia jina langu chini, nikaibandika juu ya meza yangu, ili siku nikigeuka wanisute kwa maandishi yangu mwenyewe.

Kiti chenyewe kilikuwa kitupu, lakini aliye madarakani hakukosekana. Mwenyekiti hakuwa akigombea, ila ufunguo wa ghala na kipaza sauti vilikuwa vyake, na kila asubuhi kile kipaza sauti cha soko zima kilimsifu shemeji yake. Akaagiza pia kura ipigwe kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea. Nilikataa. Nani angesimama nyuma yangu huku akitazamwa na mwenye kugawa nafasi za soko?

Tukakubaliana kwa chungu: punje ya hindi kwa shemeji, haragwe kwangu, mkono unaingia umefumbwa. Mwenyekiti alikubali upesi mno. Siku ya kura akaleta kiti chake, akakaa ubavuni mwa chungu, ameinamisha kichwa. Akapiga kura wa kwanza, wa pili. Wa tatu alipodondosha haragwe, likagonga zito, nikamwona mwenyekiti akimkodolea macho. Alikuwa anasikiliza! Punje ndogo ya hindi hailii kama haragwe.

"Simamisheni!" nilipiga kelele. Nikavua kitenge cha juu mbele ya soko zima, nikabaki na cha chini, nikamwaga zile punje tatu, nikatandika kitenge kile ndani ya chungu. "Sasa tuanze upya. Papa, endelea kusikiliza."

Wanawake walicheka kwa sauti, na nadhani kicheko kile ndicho kilichowapa moyo. Tulihesabu juu ya mkeka, shahidi mmoja wa kila upande. Maharagwe yalizidi, kwa kiganja kimoja.

Kwa miezi minane mwenyekiti aliniletea karatasi ile ile ya kugawa meza. Alibembeleza, akatisha, akaisogeza meza yangu mwisho wa safu, karibu na mifereji. Hakupata sahihi. Kisha ukaja uchaguzi wa kawaida, nami nikawa mwenye kutetea kiti. Naungama kiti ni kitamu, na nilijua kuachia meza mbili tu za waliofukuzwa kungeninunulia kura nyingi. Nikasimama juu ya meza tupu ya jirani yangu, nikasoma ilani ya zamani, sentensi ile ile. "Munichague ao mukatae," nilisema, "lakini hii sibadilishe."

Walinichagua tena.

Majuma machache baadaye mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai alinitafuta sokoni. Alisema kuna mama kule amemtuma aulize neno moja tu: meza yake iko?

Nikaweka mkono juu ya ubao wa meza ile. "Umwambie iko."