Pingili ya Kidole cha Mama Mkubwa

Nimewafundisha wageni Kiswahili hapa Bagamoyo kwa miaka kumi na mmoja, na sijawahi kushindwa na mwanafunzi. Nilichoshindwa nacho ni sufuria ya wali.

Kosa lilikuwa langu, nikiri mapema. Somo letu la kuamrisha lilikuwa limechakaa: simama, kaa, fungua dirisha, funga dirisha. Wanafunzi wanafungua na kufunga madirisha mpaka bawaba zinalia, halafu wakienda sokoni hawawezi hata kumwambia muuza nazi, "Nichagulie iliyokomaa." Nikamwambia mkuu wa kituo kwamba nitaandika somo la mapishi. Wali wa nazi, amri tupu toka mwanzo hadi mwisho, na pembeni maneno ya jikoni yamefafanuliwa. Watasoma, watapika, watakula. Mkuu wetu ni mtu wa bara, mpole, hapendi maneno mengi. Akasema, "Jaribu, mwalimu. Likifaa litaingia kwenye kitabu cha kituo."

Nilitamani somo hilo liingie kitabuni kuliko nilivyowahi kutamani jambo lolote kazini. Kitabu chetu kizima kiliandikwa na watu walioondoka zamani, na hakina hata ukurasa mmoja wenye harufu ya nyumba zetu.

Kasoro moja ilikuwepo. Mimi wali siujui. Nyumbani kwetu mpishi ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, anayeitwa kupika kwenye shughuli za watu kuanzia hapa mpaka Saadani. Mimi nilikuwa mtoto wa madaftari. Wali wangu ama una viini ama ni uji, na ukoo mzima unalijua hilo na hauna haya kulisema. Basi nikamwendea mama mkubwa na kalamu yangu, nikamuuliza. Akajibu kama wapishi wote wanavyojibu: chumvi kiasi, mchele wa kutosha, na tui lisimame juu ya mchele pingili moja ya kidole. Nikaandika hivyo hivyo, nikapiga chapa, nikajiona mwandishi.

Siku ya jaribio wanafunzi walikuwa sita. Wa kwanza kuuliza alikuwa Mnorwe mmoja, mhandisi wa visima, mrefu kiasi kwamba huinama akiingia darasani. "Mwalimu, chumvi kiasi ni kiasi gani?" Nikamjibu, "Kiasi chake." Akaandika kwenye daftari: kiasi chake. Kisha ikafika zamu ya tui. Yeye ndiye aliyechovya kidole. Pingili ya Mnorwe yule, wallahi, ni pingili mbili za mama mkubwa. Chumvi akatia ukufi mmoja, yaani ujazo wa kiganja, kwa kuwa nilikuwa nimewaeleza neno ukufi kwa fahari kubwa, na kiganja chake ni sahani.

Tulipofunua, tulikuta bokoboko la chumvi. Kuku wa jirani walilidonoa kidogo, wakaondoka. Mwanafunzi mwingine, mama mtu mzima kutoka Korea ambaye alikuwa mwalimu kwao, alinipigapiga bega kama anayenipa pole ya msiba. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Mkuu alitazama sufuria, akanitazama mimi. "Mwalimu, mapishi hayafundishiki kwa karatasi. Turudi kwenye madirisha." Nikapandwa na hasira, maana hasira yangu haina breki. Nikasema nipe Jumamosi moja. Wao watapika kwa karatasi peke yake, mimi nitakaa nje ya jiko na sitasema neno. Wali ukiharibika, futa somo. Akakubali upesi mno, nikajua ameshalifuta moyoni.

Nilipomsimulia mama mkubwa, hakuwahurumia wanafunzi wala mimi. "Wali wangu umepewa kuku?"

"Si wako, mama mkubwa. Ni wa karatasi."

"Ndiyo nakwambia! Wali hauandikwi, mwanangu. Wali unapikwa. Mkono ndio unaojua."

"Basi naomba niuandike mkono."

Akasonya, lakini aliinjika sufuria. Na hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya tangu mwanzo. Kila alipotaka kumimina kitu, nilikinga kikombe chini ya mkono wake. Akachota chumvi, nikaipokea kwenye kijiko: vijiko viwili vya chai, si zaidi. Akapima mchele kwa kopo lake lenye kutu, nikaumwaga kwenye kikombe changu na kuhesabu: vikombe vinne. Akakuna nazi mbili kwenye mbuzi, akakamua, mimi nikipima kila kinachodondoka. Alinitukana kwa upole, kwa maneno ya pwani ambayo siwezi kuyaweka kwenye kitabu cha kituo. "Unanipekua kama askari wa forodha!" Alipochovya kidole na kusema "hapo", nilikuwa tayari na hesabu: tui jepesi vikombe vitano. Tui zito, kikombe kimoja, aliliweka kando.

Mara ya pili alipika kwa sufuria pana zaidi. Kidole kikasema vile vile, pingili moja, lakini vikombe vikawa vitano na nusu. Nikamuuliza kwa nini.

"Sufuria pana hukausha upesi. Hujui hata hilo?"

Sikujua. Sasa nilijua, nikaandika ukubwa wa sufuria. Kumbe kidole chake kilikuwa kinapima mambo matatu kwa mpigo, mchele, tui na upana wa sufuria, naye hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kwa kikombe mkononi.

Kisha nikajifungia nyumbani kwangu nikapika mwenyewe, nikifuata karatasi kama mjinga asiyejua kitu, jambo ambalo halikuwa gumu kwangu. Mara ya kwanza wali uliniungulia chini kidogo. Nikagundua sikuandika lini moto upunguzwe. Mara ya pili ulikuwa mzuri. Mara ya tatu jirani aliniuliza kama mama mkubwa amenitembelea, nikacheza ngoma peke yangu jikoni na mwiko mkononi. Kujikwaa si kuanguka.

Karatasi ya Jumamosi ilisomeka hivi, sehemu yake:

"Tumia kikombe kimoja kwa vipimo vyote. Usikibadilishe. Pepeta vikombe vinne vya mchele, uchague mawe, uuoshe mara tatu. Kuna nazi mbili. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja: hilo ndilo tui zito. Liweke kando. Ongeza maji kwenye machicha, kamua tena mpaka upate vikombe vitano vya tui jepesi. Injika tui jepesi kwenye sufuria. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, uvisawazishe kwa kisu. Likichemka, tia mchele, koroga mara moja, funika. Tui likikaribia kukauka, mimina tui zito, geuza kwa mwiko mara moja tu, funika. Usifunue ovyo. Tega sikio. Sauti ya kutokota ikikatika, punguza makaa chini, mengine yaweke juu ya kifuniko. Ngoja dakika kumi na tano. Epua."

Na pembeni maelezo ya maneno: Mbuzi, kiti kifupi chenye meno ya chuma cha kukunia nazi, huyu haliwi. Machicha, nazi iliyokwisha kukamuliwa. Kuinjika, kuweka chombo motoni, kuepua, kukitoa. Kupalia, kuweka makaa juu ya kifuniko ili wali uive kwa juu pia.

Jumamosi ilifika, na mama mkubwa akafika nayo, hakualikwa na mtu. Alivaa doti mpya ya kanga, akaketi nami kwenye baraza nje ya jiko. Mkuu akamwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuzika." Mkuu akacheka kwa adabu. Mimi sikucheka.

Ndani tukamsikia yule mama wa Korea akisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma risala. "Kuna na-zi mbi-li." Mbuzi akaanza kulia. "Tia. Kamua. Chuja." Sauti za wenzake zikaitikia kila amri. Kila kitu kilikwenda kwa zamu yake mpaka tui lilipochemka na mchele ukaingia. Ndipo tukamsikia Mnorwe akiuliza kama aongeze maji kidogo. Mama mkubwa akainuka. Nikamshika pindo la kanga.

"Niache! Ataua wali!"

"Umesema wali hauandikwi. Kaa uone."

Akakaa, akishika magoti yake kwa nguvu. Ndani mama wa Korea akajibu kwa Kiswahili safi, "Usiongeze. Karatasi haisemi. Funika!" Nilitaka kumkumbatia hapo hapo.

Kupitia dirishani nilimwona yule mrefu amepiga magoti, sikio lake karibu na sufuria, ametega kama daktari. Mama mkubwa naye alikuwa ametega, kutoka barazani, kwa mazoea yake ya miaka. Sufuria ikatokota, ikatokota, kisha ikanyamaza.

"Sasa," akanong'ona mama mkubwa.

"Sasa!" akasema Mnorwe ndani. "Palia!"

Wali uliletwa kwenye sinia, umefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukindu. Mkuu alifunua. Punje zilikuwa nzima, kila moja peke yake, nyeupe, zinanukia nazi mpaka barabarani. Akala tonge la kwanza, akala la pili, la tatu akalichukua, na mimi nikaanza kulia waziwazi, bila haya. "Ukurasa wa kwanza wa sura ya kuamrisha," alisema hatimaye. "Madirisha tutayafunga." Wanafunzi wakapiga vigelegele vibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na vitamu kuliko vyote.

Mama mkubwa alikula polepole, akitafuta kosa. "Chumvi ingeongezwa chembe," alisema, kisha akajipakulia tena. Aliponawa aliomba ile karatasi. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka neno la mwisho la maelezo, ambalo nilikuwa nimeliandika bila kumwambia: "Pingili: sehemu ya kidole kati ya kiungo na kiungo. Wapishi wakubwa wa pwani hupimia tui kwa hiyo. Usiitumie mpaka umepika wali mara mia."

Akasoma tena. Akanitazama. "Leta mkono."

Nikampa. Akaweka kidole chake kando ya changu, mbele ya mkuu na wageni wote, pingili kwa pingili. Zilikuwa sawasawa.

"Umepika mara ngapi?"

"Tatu, mama mkubwa."

"Zimebaki tisini na saba," alisema, bado ameushika mkono wangu. "Ijumaa kuna harusi. Njoo na kidole chako."