Barua ya Kanku Mbele ya Masista

Kanku alizaliwa Kolwezi, mkoani Katanga, katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi, na baba yake, Tata Ngeleka, alikuwa fundi wa mashine mgodini kwa miaka ishirini na saba. Asili yao ilikuwa Kasai, lakini Kanku alikuwa hajawahi kuiona Kasai. Mwezi wa tisa mwaka 1992, akiwa na miaka ishirini, alipeleka maombi yake kwenye shule ya wauguzi ya masista: diploma yake halisi, picha mbili, na barua ya ukurasa mmoja ya kueleza kwa nini anataka kazi hiyo. Mahojiano yalitakiwa yafanyike mwezi wa kumi. Mgomo ukaja, kisha vurugu za kuwafukuza watu wa Kasai, na tarehe ikasogezwa mara tatu, hadi mwisho wa mwezi wa tatu mwaka uliofuata.

Aliyemtayarisha ni Mama Ernestine, mkunga wa kambi, Mukatanga, yaani mwenyeji wa mkoa huo, jirani wa mlango wa tatu. Huyu aliwahi kukaa miaka minne upande wa pili wa meza ya mahojiano ya shule hiyo, akiwauliza wasichana maswali, na alijua wanavyoanguka. Wengi hawaanguki kwa kukosa akili. Wanaanguka kwa sababu barua inasema hivi na mdomo unasema vile.

Siku ya kwanza alimwambia Kanku alete nakala ya barua, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya kila jambo ambalo Kanku alidai. Yalikuwa matatu. Kwamba kwa miaka miwili aliongoza upimaji wa watoto kila Jumamosi kwenye zahanati ya uzazi. Kwamba anaongea na wamama kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiluba. Kwamba akimaliza shule atatumikia Kolwezi, mji wake.

"Barua yako watakuwa nayo mikononi," alisema Mama Ernestine. "Usiwasomee tena kile wamesoma. Kila mustari uwe na siku yake, na mutu yake, na kile we mwenyewe ulifanya."

Akamuuliza kuhusu neno "aliongoza". Kanku alisita, akakiri kwamba yeye alishika mizani na kuandika uzito kwenye kadi. Aliyeongoza alikuwa Mama Ernestine mwenyewe. Mkunga hakukasirika. Alimwambia asilikane neno lake na asilipandishe juu zaidi, ila alishushe mapema hadi mahali pa kweli, kabla mtu mwingine hajalishusha kwa ajili yake. Kisha akamuuliza jambo lile lile kwa njia tatu tofauti, mara mwaka alioanza, mara idadi ya watoto kwa Jumamosi moja, mara umri wake wakati ule, kuona kama hesabu zitakubaliana. Mwanzoni hazikukubaliana. Kanku alikuwa amehesabu mwaka mmoja mara mbili. Walirekebisha wakafika mwaka mmoja na miezi minane, na Mama Ernestine akasema hiyo ndiyo atakayotamka, na aeleze kwamba kwenye barua aliizungusha hadi miaka miwili.

Siku ya pili mazoezi yalikatika. Vijana walipita kambini wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, wakiweka alama ya chokaa kwenye milango. Mukalay, mume wa Mama Ernestine, alimwomba Kanku kwa sauti ya chini atoke kwa mlango wa nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na kuanzia siku hiyo hakumtazama tena machoni.

Alhamisi familia ya Tata Ngeleka ilitolewa nyumbani. Walipewa muda wa kufunga mizigo miwili. Walikwenda gare, stesheni ya treni, ambako maelfu walikuwa wamekwisha kulala juu ya magodoro na masufuria yao wakingoja treni ya kupita Tenke kuelekea kaskazini, Kasai, treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Maji yalikuwa ya bomba moja. Watoto walikuwa wanaharisha, na kila asubuhi kulikuwa na mahali paliposikika kilio.

Jumamosi Mama Ernestine alimfuata huko, akaketi juu ya mzigo. Kanku alikuwa na swali moja kuhusu mahojiano ya Jumatatu. Barua ina anwani ya kambini, na inasema atatumikia Kolwezi. Akijibu hivyo, mdomo na barua vitakubaliana. Mukalay pia alikuwa amemtumia ujumbe huo huo: aseme bado yuko kambini.



"Ile siku uliandika, ilikuwa kweli," alisema Mama Ernestine. "Ukiisema tena Lundi, itakuwa bongo, uwongo tupu, na itakuwa yako. Kama kitu kimebadilika, sema we wa kwanza. Usingoje bakuulize."

Jumatatu asubuhi Kanku alinawa uso kwenye bomba la gare na kwenda kwa miguu. Mezani walikuwa watatu: Sista Agnès, mkuu wa shule, Daktari Kisimba, na katibu mwenye faili. Daktari alianza na neno "aliongoza". Kanku alijibu kwamba neno lile lilikuwa kubwa kuliko kazi. Yeye alipima na kuandika, kwa mwaka mmoja na miezi minane. Akamtaja mtoto mmoja ambaye uzito wake ulishuka wiki tatu mfululizo, na jinsi alivyopeleka kadi kwa mkunga badala ya kungoja mwisho wa siku. Baadaye Daktari alirudi kwenye tarehe kwa njia nyingine, na jibu likawa lile lile. Kuhusu lugha, katibu aliinua macho aliposikia Kiluba, lugha ya watu wa Kasai. Kanku hakukiondoa.

Kisha Sista akafungua kinywa kusoma mstari wa mwisho, na Kanku akaomba ruhusa aseme kwanza.

"Pale niliandika, tulikuwa na nyumba kambini. Leo tunalala kwa gare. Kuhusu kazi, sijabadilisha neno. Kuhusu muji, si mi nilibadilisha."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Daktari Kisimba alikunja karatasi zake. Sista Agnès alimshukuru, akamwambia amejibu vizuri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni.

Orodha ya waliofaulu ilibandikwa Jumatano. Kanku alikuwa wa nne kati ya kumi na wanane. Pembeni ya jina lake, na la msichana mwingine wa Kasai, iliandikwa kwamba alete cheti cha makazi kutoka kwa mkuu wa mtaa. Mama Ernestine alikwenda mwenyewe kwa mkuu huyo, ambaye mke wake alikuwa amezalishwa naye mara mbili. Mkuu alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamwambia kwamba nyumba ile sasa ina watu wengine na jina la Ngeleka halimo tena kwenye daftari. Hakusaini.

Treni ilikuja Ijumaa, ghafla, na watu wakapanda hata juu ya mabehewa ya mizigo. Tata Ngeleka hakuthubutu kungoja. Diploma ya Kanku ilibaki ndani ya faili la masista. Mama Ernestine alipokwenda kuiomba, katibu alimweleza kwamba kwa sheria ya shule karatasi hutolewa kwa mwenyewe tu.

Karibu mwaka mzima baadaye, mfanyabiashara mmoja alimletea Mama Ernestine barua fupi ya Kanku kutoka Mwene-Ditu, Kasai. Mdogo wake Kanku alikuwa amefia njiani. Kanku mwenyewe alikuwa amejaribu shule moja ya wauguzi huko, akaitwa, akaulizwa alisoma wapi na alifanya kazi wapi, akaeleza yote kwa mpangilio. Walimwambia alete kitu cha kuthibitisha. Sasa alikuwa anauza sabuni sokoni pamoja na mama yake.

Mama Ernestine alirudi tena shuleni na barua hiyo mkononi, kuiomba diploma. Mwanamke aliyemkuta ofisini alikuwa mpya. Alimwambia kwamba mafaili ya mwaka ule yalihamishwa, na hakujua wapi.