Shikamoo ya Mita Tisini na Moja

Nakiri kabla hamjaniuliza: nilimwamkia mama yangu nikiwa natua kutoka angani.

Sina utetezi, ila nina maelezo. Mama ni nesi huku Norwe, tumetoka Masasi miaka sita iliyopita. Siku ile ya mashindano alirudi kutoka zamu ya usiku mimi nimeshaondoka, kwa hiyo alfajiri yote hajasikia shikamoo yangu. Nilipoachia ukingo wa kilima na kuona kitenge chake cha njano kule chini, juu ya koti zito, katikati ya makoti meusi ya wazazi wengine, kichwa changu kikasema: sasa.

Kwenye kuruka na skii, mtu anatua kwa telemaki: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea, mikono imetandazwa. Mimi nikatua miguu sambamba, nikakunja magoti, nikaunganisha viganja kifuani. Mama hakuitikia.

Majaji watano hawana habari na shikamoo. Kila mmoja alinikata alama tatu za kutua. Hesabu yao huondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, hujumlisha tatu za katikati. Nikapata arobaini na tano na nusu. Umbali ulikuwa wangu: ukifika mstari wa mita tisini unapewa alama sitini, na kila mita ya ziada ni mbili, nami nilifika tisini na moja. Upepo ulikuwa umelala, haukuongeza wala kupunguza. Jumla mia moja na saba na nusu.

Mwenzangu wa klabu, tuliyekuwa tunagombea naye nafasi moja iliyobaki ya timu ya mkoa, aliruka mita tisini kasoro nusu, akatua kama kwenye picha. Mia moja na kumi na tatu.

"Watu wa nchi za joto," alinicheka, "mnaanguka kama embe."

"Embe limekuzidi mita moja na nusu," nikamjibu. "Nenda kapime."

Mama alikuwa amekuja mpaka kwenye uzio, anasoma ubao wa matokeo kwa macho mekundu ya usingizi. Nikamweleza hesabu ya alama. Akaguna.

"Kumbe ni korosho hizi," alisema. Amekulia Lupaso, baba yake mkulima wa zao hilo. "Gunia zito, lakini korosho mbovu, daraja linashuka. Sasa umenileta kwenye baridi nitazame daraja la pili?"

Raundi ya pili upepo ukaamka, ukawa unavuma kutoka mbele. Upepo wa mbele unambeba mrukaji, ndiyo maana kompyuta inamkata alama. Wa nyuma unamkandamiza, basi anaongezewa. Nikamwambia kocha anishushie benchi la kuanzia, lile tunaloketi kule juu kabla ya kuteleza, hatua mbili.

"Utapungukiwa spidi," alisema.

"Na nitalipwa alama sita."

"Ukifika asilimia tisini na tano ya mita tisini na nane za ukubwa wa kilima. Hapa ni mita tisini na tatu na kitu. Ukitua kabla ya hapo, hupati kitu. Ubaki na benchi la wenzako, kijana."

"Kocha, wameniita embe. Shusha."

Akanitazama, akainua redio, akaomba benchi lishushwe.

Sijawahi kuondoka taratibu vile. Mwili ulitaka kuwahi kusimama, nikaulazimisha kulala juu ya skii, hewa ikinisukuma tumbo. Nikatua tisini na tatu na nusu. Telemaki safi, mikono imetandazwa, wala sikugeuza jicho kwenye kitenge. Umbali sitini na saba, mtindo, yaani alama za majaji, hamsini na nne, upepo ukakata nne, benchi likalipa sita. Mia moja ishirini na tatu. Jumla mia mbili thelathini na nusu.

Mwenzangu akafuata. Kwake benchi lilirudishwa juu. Mita tisini na tano na nusu, mtindo hamsini na nne, upepo ukamkata sita. Mia moja na kumi na tisa. Kwa raundi ile nilimzidi alama nne, na hilo hakuna atakayelifuta.

Lakini jumla yake ilikuwa mia mbili thelathini na mbili.

Alama moja na nusu. Nafasi ikawa yake. Alinipa mkono, safari hii embe halikutajwa, nami nikamwambia kilima hakijahama, tutaonana.

Nikavua skii, nikaenda kwenye uzio. Sikulia. Nikakunja magoti pale pale kwenye theluji, miguu sambamba, viganja pamoja, mbele ya majaji wote watano waliokuwa wanashuka ngazi.

"Shikamoo, mama."

Akanifunga skafu yake shingoni, akaikaza kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Marahaba," alisema. "Na kesho ukinikosa asubuhi, niachie kikaratasi mezani."