Kabeji Ilipotajwa Kabla ya Jogoo

Kagure Mutahi hana haja ya kabeji. Ana za kwake nyuma ya nyumba huko Gatitu, na kuku pia. Hata hivyo, kwa karibu mwaka mzima amekuwa akikaa safu ya mbele kwenye mnada wa sadaka wa kanisa moja mtaani Skuta, simu ikirekodi mapajani, bila kununua hata kitunguu.

"Mwalimu, hata leo hununui?" Ngatia, mwendesha mnada, humtania kwa kipaza sauti. "Hii simu yako inakula maneno tu. Ati haishibi?"

Watu hucheka. Walishampa ruhusa ya kurekodi, na siku hizi wanaisahau ile simu. Ndivyo alivyotaka.

Mnada wenyewe huja baada ya ibada ya Kiswahili. Asiye na pesa ya kutoa huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, kuku, chupa ya maziwa. Ngatia, ambaye katikati ya wiki ni mwashi, huviuza viwili viwili ili kile kisichopendwa kibebwe na kinachopendwa. Kila jozi ikinunuliwa hupaza sauti kwamba imepata mwenyewe, yaani mnunuzi.

Jozi hizo ndizo zilizomleta Kagure. Alizaliwa Gakindu, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, akajifunza Kiswahili darasani, mahali ambapo aliyesema "kitabu yangu" alichekwa hadi kengele ilipolia. Akakua akawa mwalimu wa lugha hiyo hiyo. Watoto wake walipomaliza shule, alijiandikisha kusomea uzamili, na swali alilochagua lilionekana dogo mno hata dada yake akadhani anatania. Vitu viwili vikiunganishwa kwa "na", kitenzi kinafuata kipi? Kinavijumlisha vyote viwili, au kinashika kile kilicho karibu nacho na kukiacha kingine?

Darasani jibu lilikuwa rahisi: kiti na meza *vimevunjika*. Lakini Kagure hakutaka jibu la darasani. Alitaka yale ambayo watu husema wasipojua kwamba wanasikilizwa kwa ajili ya sarufi. Na kwenye mnada, Jumapili baada ya Jumapili, Ngatia alisema: "Jogoo na kabeji imepata mwenyewe! Bata na mkungu imepata mwenyewe!" Kitenzi kilimruka mnyama kikashika kitu kilichokuwa jirani. Kagure aliandika sura nzima juu ya hilo, sura iliyobeba tasnifu yake yote.

Daktari Mwirigi, msimamizi wake, aliirudisha sura hiyo ikiwa na alama ya kuuliza.

"Huyu Ngatia wako," alisema, "akitaja kiti peke yake, anasemaje?"

"Kiti imevunjika."

"Na mkungu?"

"Mkungu imeiva."

"Basi kwake chochote kisicho na uhai huchukua kiambishi i-. Pengine hata jozi yoyote ni i-. Utajuaje kwamba ile i- imetoka kwa kabeji? Huenda ni mazoea tu, angesema hivyo hata kabeji isingekuwa karibu." Aliondoa miwani. "Nipatie mpangilio uliogeuka. Kabeji kwanza, jogoo mwisho. Usipopata kabla ya muhula kuisha, Mama, sura hii itatoka. Na ikitoka, sioni tasnifu."

Kagure alirudi nyumbani akasikiliza rekodi zote upya. Hakuna. Hata mara moja Ngatia hakuwahi kutanguliza kitu kabla ya mnyama.

Alimuuliza sababu. Ngatia alimshangaa.

"Si chenye pumzi hutajwa kwanza? Mzee aliyenifundisha mnada alikataa kabisa. Alisema kabeji haijui hata kama imeumbwa."

"Na ungetaja kabeji kwanza, kisha jogoo, ungemalizia vipi?"

Ngatia alijinyoosha kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Ningesema vimepata... Ama wamepata? Ai, Mwalimu, hapo unanitega."

Kagure hakuendelea. Neno "vimepata" halikuwamo katika rekodi hata moja. Lilitoka shuleni, pengine kwa mwalimu kama yeye. Angeweza kumwomba Ngatia ageuze mpangilio Jumapili moja tu, kama hisani. Nani angejua? Lakini sentensi iliyoagizwa ingekuwa yake mwenyewe, imepita tu mdomoni mwa mtu mwingine. Akaendelea kukaa safu ya mbele, muhula ukielekea ukingoni.

Jumapili moja mvua ilipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba Ngatia alilazimika kupiga kelele hata akiwa na kipaza sauti. Alimwinua jogoo, mkubwa, mwekundu, sadaka ya Ntinyari, muuguzi kutoka Meru. Kamba ya katani ikafunguka. Jogoo akaruka juu ya viti, akapita katikati ya kwaya, akaingia chini ya meza ya sadaka.

"Shikeni huyo!" Ngatia aliita. "Anakimbia wokovu!"

Kanisa likawa vurugu. Ngatia, ambaye hajui kunyamaza, aliinua kabeji akaanza kuisifia peke yake, uzito wake, majani yake, kana kwamba hakuna lililotokea. Jogoo alipoletwa, manyoya yamevurugika, Ngatia alikuwa bado na kabeji mkononi na pumzi zimemwishia. Bei ikapanda, ikasimama.

"Haya! Kabeji na jogoo... kabeji na jogoo *amepata* mwenyewe!"

Kutoka nyuma Ntinyari akapaza sauti: "Ati kabeji na jogoo amechukuliwa na nani?"

"Ameshinda Karwitha na mzee wake!" Ngatia alijibu. "Karwitha na mzee wake wameshinda, wapigieni makofi!"

Watu walipiga makofi. Kagure hakupiga. Alikuwa akiyarudia maneno yale midomoni, moja moja.

Kama i- ingekuwa mazoea tu, ingebaki pale pale. Kama mnyama ndiye angekuwa na nguvu kuliko kitu, angetawala pande zote mbili. Lakini kitenzi kilikuwa kimegeuka pamoja na mpangilio, kikashika jirani yake mpya. Kisha wakatajwa watu wawili, na mdomo ule ule ukafanya jingine: kitenzi kilipotangulia kilimshika Karwitha peke yake, kilipofuata kikawajumlisha yeye na mumewe. Hakuna aliyewafundisha haya. Shule, pamoja na darasa la Kagure mwenyewe, ilikuwa imejitahidi kuyafuta. Na bado yalikuwa pale, sahihi kama saa, ndani ya watu waliokuwa wakimcheka kuku.

Daktari Mwirigi alisikiliza rekodi, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Akatazama dirishani, upande ambao mlima huonekana mawingu yakikubali.

"Mara moja ni mara moja," alisema hatimaye.

"Ni watu wawili, Daktari. Ngatia ni Mkikuyu wa hapa. Ntinyari ni Mmeru. Hakuna aliyeulizwa kitu."

"Nimesikia." Akatabasamu kidogo, jambo lisilo kawaida yake. "Sura inabaki. Lakini usiandike kwamba umepata kanuni. Andika ulichosikia, na uandike ni mara ngapi."

Jumapili iliyofuata Kagure alikuwa safu ya mbele tena, maana watu wawili si wengi. Ngatia alikuwa amerudia desturi yake, chenye pumzi kwanza. Ilipofika zamu ya bata na boga, Kagure aliinua mkono, akashangaa mwenyewe. Hakuna aliyempita bei.

"Jamani!" Ngatia alipiga kelele, akimnyooshea kidole. "Amenunua mwalimu na simu yake!"

Simu ilikuwa ikirekodi.