Pete ya Clemensi Chini ya Kokoto

Clemensi alipopotea, kijiji kizima cha Buger kilijua alikokwenda, ila kila mtu alijua mahali tofauti. Wapo waliompeleka Mererani kwa mwanamke mwenye hoteli. Wengine, kwa kuwa ulikuwa mwaka ule wa kukamata wahujumu uchumi, walimvusha mpaka wa Kenya na dhahabu ndani ya soksi, mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumiliki soksi. Mkewe Germana peke yake alisema hakufika mbali. Alitoka asubuhi avuke korongo kwenda kuosha mchanga wa dhahabu, mvua ikapiga juu msituni, maji yakaja.

Kesho yake vijana walifuata korongo mpaka linapoporomoka ukingoni kuelekea Ziwa Manyara. Walirudi na katambuga moja ya tairi. Germana aliitambua. Lakini Buger yote ilitembea juu ya tairi, kuanzia mwenyekiti wa kijiji kushuka chini, na katambuga haina jina.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu nyumba iliyofiwa hukaa kando: haiendi kwa watu, na ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani mpaka siku zake zitimie. Nyumba iliyokimbiwa na mume, kinyume chake, huingiwa na kila mtu, kwani nani atakubali kukosa habari kama hizo? Nyumba ya Germana haikuwa hii wala ile. Majirani walifika mpaka kwenye ua, wakasimama, wakakohoa, wakarudi. Hakuna aliyekuja kulia naye. Hakuna aliyemcheka waziwazi pia, na hilo lilimuumiza zaidi.

Alimwendea Inosenti, katekista, mtu mwema kwa kadiri sheria ilivyomruhusu.

"Misa ya marehemu ni ya marehemu, mama," Inosenti alisema. "Siwezi kumpelekea Padri mtu aliyeko Mererani."

"Hayuko Mererani, mwalimu."

"Nionyeshe hayuko."

"Na akiwa hayuko popote, nionyeshe nini?"

Inosenti aliangalia dari, ambako majibu yake mengi yalihifadhiwa, na siku hiyo hapakuwa na kitu.

Clemensi alikuwa bahili wa chembe. Siku chembe moja ya dhahabu ilipomrukia kwenye shati, alivua shati akaliosha ndani ya karai, akalikamua, akabaki kifua wazi kwenye baridi ya Buger mpaka chembe ikaonekana. Hata takataka za chumbani hakuruhusu zitupwe kabla hajaziosha. Kwa namna hiyo, chembe kwa chembe kutoka korongo lilelile, alikusanya pete yake ya ndoa. Sonara wa Arusha alipotaka kuchanganya shaba iwe ngumu, Clemensi alikataa, akakaa mlangoni kumlinda. Njiani aliing'ata kumwonyesha abiria mwenzake ilivyo laini, ikabaki na alama ya jino. Baadaye njaa na kazi vilimkondesha, pete ikawa inacheza kidoleni, akaikaza kwa uzi.

Germana alifundishwa kuosha na mumewe mwaka ule waliooana.

"Mto ni mpagazi," alikuwa akimwambia. "Akiwa na nguvu anabeba vyote. Akichoka anatua. Anaanza kutua nini?"

"Kizito."

"Basi. Chembe ya dhahabu inaishinda ya mchanga ya ukubwa uleule kwa uzito, mara sita, mara saba. Mchanga unaendelea na safari, dhahabu inashushwa. Sasa tafuta anapochokea: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona, pale njia nyembamba inapofunguka. Na usikwangue juu juu. Maji makubwa yakizitikisa kokoto, kizito kinajipenyeza kati yake, kinashuka na kushuka, mpaka mwamba ukikatae."

Kuosha kwenyewe hakukumsumbua Germana. Ni kama mchele wenye mawe, siku mchele unapopatikana: unazungusha chombo na maji, unakiinamisha, chepesi kinapita ukingoni, kizito kinabaki chini.

Kiangazi, korongo lilipobaki mfereji wa maji ya kuoshea miguu, Germana alichukua karai na chepe. Evarista, dada wa Clemensi, alimfuata, nusu kusaidia na nusu kuchunguza.

"Wifi, unatafuta nini?"

"Pete."

"Pete inakwenda na kidole. Na kidole kimeshafika ziwani."

"Kidole chake kilikonda. Akipigana na maji ilichomoka. Mwili unaelea, wifi. Pete haielei."

Evarista akashika chepe.

Chini kidogo ya kivuko korongo hubanwa na miamba miwili, kisha hufunguka ghafla, na hapo limekaa jiwe kubwa kama nyumba. Walianza nyuma yake. Waliosha mchanga wa juu mpaka mikono ikachubuka, hawakupata kitu. Wanaume waliokuwa wakinywesha ng'ombe walisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke huyu hajajua bado kama ni mjane, ameshaanza kurithi.

"Kaka angekucheka," Evarista alisema. "Unakwangua juu juu."

Ilikuwa kweli. Germana alikuwa akiosha mahali ambapo hakuna kitu, na moyoni alijua kwa nini.

Siku iliyofuata walichimba wakapita mchanga, wakapita kokoto ndogo, wakafikia kokoto kubwa zilizoshikana kwa udongo, mpaka chepe likalia kwenye mwamba. Mwamba ulikuwa na ufa. Germana aliukomba kwa kijiko, akajaza karai. Alilizamisha majini, akavunja udongo kwa vidole, akayatoa mawe moja moja. Akalitikisa kushoto na kulia ili kizito kiende chini, akaliinamisha, mchanga mweupe ukaanza kuondoka.

Kisha akaisikia. Kitu kilikwaruza bati la karai, chini ya mchanga.

Angeweza kuchomeka mkono. Hakuchomeka. Aliendelea kuosha, polepole kuliko alivyowahi kuosha, maji kidogo, mzunguko, maji kidogo. Mchanga mweupe uliisha. Ukabaki ule mweusi, mzito, unaoondoka kwa kinyongo. Mweusi nao ukasogea, na pete ikabaki nyuma imelala, ya njano, na alama ya jino ubavuni.

Walikaa kwenye kokoto. Evarista ndiye aliyeanza, kwa sababu matumaini ni kitu kibishi.

"Labda aliitupa, wifi. Alipokuwa akivuka kwenda kwa huyo mwanamke wa Mererani."

Germana akamgeukia. "Clemensi? Atupe dhahabu?"

Evarista alifungua mdomo kubisha. Akakumbuka shati, akakumbuka takataka za chumbani, kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akashika mbavu. Katikati ya njia kicheko kile kikageuka, na Germana akamshika mabega wakalia pamoja, kilio cha kwanza tangu masika.

Inosenti aliigeuza pete mkononi muda mrefu. Naye alimjua Clemensi. Alisema atamwona Padri.

Germana alinyoa nywele. Majirani walifika mpaka kwenye ua wakaacha vibuyu vya maziwa chini, wakaondoka bila kukohoa, maana sasa walijua la kufanya. Ng'ombe wake walichungwa peke yao.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Siku ile korongoni, alipokwisha kuifunga pete kwenye pindo la kanga, Evarista alichungulia ndani ya karai. Kwenye mkia wa mchanga mweusi zilimetameta chembe tatu nne.

"Wifi, zimebaki nyingine."

Germana aliziona. Aliliinamisha karai lote mtoni, akalisuuza, akaliweka kichwani.

Mumewe angegomba mpaka jioni. Alimngoja kidogo agombe, kisha akapanda kwenda nyumbani.