Chupa Mbili na Mikono Yangu

Mwaka ule nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na watu wawili, mimi na bibi, na bibi masikio yake yalikuwa mazito. Baba, mama na wadogo zangu watatu walikuwa wamehamia Maskati, kama majirani wengi wa mtaa wetu walivyohama kabla yao. Mimi niliachwa nimalize diploma ya kemia ya miaka mitatu katika chuo cha ufundi kule Tudor. Mapatano yalikuwa wazi. Nikifaulu, nabaki. Nikianguka mwaka mmoja tu, natumiwa tiketi, bibi anahamia Bondeni kwa mama mdogo, na nyumba inafungwa. Baba alisema maneno hayo mara moja, naye hakuwa mtu wa kurudia.

Niseme ukweli mapema nisije nikajifanya shujaa: zilikuwako siku ambazo niliiombea tiketi ile ije. Nilikuwa nikirudi nyumbani alasiri, napanda ngazi, natoa salamu, na salamu haijibiwi na mtu. Bibi yuko chumbani kwake hajasikia. Nilikuwa nakula nikiwa nimesimama jikoni, maana kutandika mkeka kwa ajili ya mtu mmoja ni kujikumbusha.

Chuoni nako hakukuwa bora sana. Darasa letu lilikuwa na watu kumi na saba, na msichana ni mimi peke yangu. Vijana kumi na sita walijigawa wawili wawili siku ya kwanza kabla sijaning'iniza koti langu. Nilipewa meza ya pembeni karibu na sinki. Hawakuwa wabaya, walinisalimia kwa adabu zote, lakini adabu haikusaidii kushika mrija wakati mikono yako yote miwili ina kazi.

Kazi iliyotaka kuniangusha ilikuja muhula wa mwisho wa mwaka wa pili. Mwalimu wetu wa kemia, mtu wa Taita, mtaratibu, mwenye kalamu nyekundu isiyokwisha wino, alimpa kila mtu chupa mbili ndogo zilizoandikwa A na B. Tuzipime, kisha tuandike ni kitu kimoja au ni vitu viwili. Nilizipima kwa siku nne. Zilichemka kwenye joto lilelile. Uzito wa tone la A ulikuwa uzito wa tone la B. Nilipotia dawa ya kupimia zote zilitoa mashapo ya rangi ya chungwa, na mashapo yale nilipoyakausha yakayeyuka kwenye joto moja. Hesabu ya kaboni, haidrojeni na oksijeni ilikuwa sawasawa.

Ila A ilinukia nanaa, nanaa hasa, kama ile ya kwenye chai. Na B ilinukia kisibiti, mbegu zile ambazo bibi huzichemsha tumbo likimsumbua.

Sasa, sisi watu wa maabara tuna kiburi chetu. Tumefundishwa kuamini kipimajoto na mizani. Pua ni ya mpishi. Kwa hivyo niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba A na B ni kitu kimoja, na kwamba chupa ya B haikuoshwa vizuri kabla ya kutiwa dawa. Naam, nilimwandikia mwalimu wangu kwamba haoshi chupa.

Daftari lilirudi na mstari mmoja mwekundu: "Chupa ni safi. Una wiki moja. Uje unieleze kwa mdomo, mbele ya mkuu wa idara. Usipoeleza, utarudia mwaka."

Vijana wale wawili wawili walikwisha kujua. Niliwasikia kwenye korido wakisema ni picha ya kioo, molekuli moja ni picha ya nyingine kwenye kioo. Neno lenyewe nililisoma kitabuni pia. Lakini nilikuwa sielewi, na nilikuwa na hasira ya kutoelewa. Picha ya kioo ni ile ile tu! Nikijitazama kwenye kioo najiona mimi, simwoni mtu wa Bondeni. Nilichora ile molekuli kwenye karatasi mara ishirini, na kila nikiigeuza karatasi niliona michoro miwili ambayo macho yangu yalisema ni mmoja. Kumwuliza mmoja wao sikuweza. Ningeanzaje, baada ya miaka miwili ya "hujambo" na "sijambo"?

Siku ya tano nilikuwa nimemaliza kuswali alasiri, nimeketi juu ya mswala na mikono nimeiinua kuomba dua. Niliombea nini sikumbuki vizuri, nahisi niliomba mambo mawili yanayopingana. Katikati ya dua macho yakaniponyoka yakatua viganjani, na nikaacha kuomba.

Niliitazama mikono yangu kama mtu anayekagua vitambaa dukani. Vidole vitano huku, vitano huku. Kutoka kidole gumba mpaka cha shahada, umbali ni ule ule. Kidole cha kati kimepita vingine pande zote mbili. Ukinipa rula nipime mkono mmoja, kila kipimo nitakachoandika ni kipimo cha mwingine. Niliviunganisha viganja, vikakutana kidole kwa kidole, kama mkono na picha yake kwenye kioo. Kisha nikajaribu kuulaza mmoja juu ya mwingine, vyote vikitazama juu. Kidole gumba cha kulia kikaenda huku, cha kushoto kikaenda kule. Nikageuza. Vidole gumba vikakubaliana, lakini sasa kiganja kimoja kilitazama juu na kingine chini. Niligeuza kila namna mpaka viwiko vikauma. Hakuna namna. Mikono ni sawa kwa kila kipimo, na haitakaa mmoja mahali pa mwingine.

Nikakimbilia jikoni. Nilichukua ndimu mbili na vijiti vya meno. Ndimu ndiyo kaboni. Kwenye ya kwanza nilichoma vijiti vinne vikatawanyika mbali mbali, na kwenye ncha zake nikaweka karafuu, iliki, kokwa ya tende na punje ya dengu iliyolowekwa. Kwenye ya pili nikafanya vivyo hivyo, lakini iliki na kokwa nikazibadilisha mahali. Zile zikawa mkono wa kulia na wa kushoto. Nilizizungusha mpaka zikanitapakaza maji ya ndimu, na hazikulingana. Nilipoondoa dengu na kuweka iliki ya pili kwenye kila ndimu, zikalingana mara moja. Basi lazima vitu vyote vinne viwe tofauti.

Lakini pua je? Kama kila kipimo ni sawa, pua yangu ilijuaje?

Labda pua huishika harufu kama mkono unavyoshika mkono. Nilijaribu kujishika mkono, wa kulia kwa wa kushoto, na hilo halikuniambia kitu. Nilihitaji mkono wa kulia wa mtu mwingine, na sikuwa na mtu mwingine. Nilisimama pale jikoni nikalia kidogo, sikatai. Kisha nikakumbuka kuwa katika nyumba ile kulikuwa na mkono wa pili, na kwamba ni mimi niliyekuwa naupita mlangoni kila siku bila kuingia.

Bibi alikuwa juu ya kitanda na tasbihi. Nilimwamkia, akanipa mkono wa kulia niubusu kama desturi. Nikaushika kwa mkono wangu wa kulia, viganja vikakaa barabara. Nikaachia, nikaushika tena mkono wake ule ule, sasa kwa mkono wangu wa kushoto. Ukakaa upogo, vidole havijui viende wapi. Bibi akaunyakua.

"Weye una nini leo?" akapaza sauti. "Mtu hapewi mkono wa kushoto! Nani alokufunda hivyo?"

"Najifunza kemia, bibi!" nilimpigia kelele sikioni.

"Eti Kenya?"

"Kemia!"

"Haya. Ndoo uketi basi, ujifunze na adabu."

Niliketi. Nilikaa naye mpaka magharibi nikimshika huo mkono. Nilikuwa nimeelewa. Mizani na kipimajoto havina mkono wa kulia wala wa kushoto, ndiyo maana havikuona tofauti. Pua ina mkono wake. Kilichoko ndani ya pua kinachopokea harufu nacho kina upande, na nanaa inakikaa kwa namna moja, kisibiti kwa namna nyingine.

Siku ya kueleza niliingia kwa mwalimu na ndimu zangu ndani ya bakuli. Mkuu wa idara, mzee mwenye miwani, alidhani nimeleta chakula. Nilikwenda nimejua jambo lingine pia, na hilo ndilo lililonitia baridi: nikinyamaza tu, baada ya wiki mbili niko Maskati na mama yangu. Hakuna atakayejua kwamba nilielewa. Nilisimama mbele yao nikiwa na uwezo huo mkononi, na kwa muda nilikaribia kuutumia.

"Haya, binti," alisema mwalimu. "Chupa zangu chafu?"

Kumbe hasira iliniokoa, au ilinipoteza, mpaka leo sijaamua. Nilifungua mdomo na sikuufunga. Niliwaonyesha mikono, kisha ndimu. Niliwachorea molekuli, nikaonyesha ile kaboni moja kwenye duara iliyoshika vitu vinne tofauti: haidrojeni, tawi la pembeni, na pande mbili za duara, maana upande mmoja unaifikia oksijeni mapema na mwingine unachelewa. Nikamwambia aiwashe mashine ndefu yenye taa ya manjano, ile inayopitisha nuru ndani ya dawa na kupima nuru imegeuzwa kiasi gani. Chupa moja itageuza nuru upande wa kulia, nyingine upande wa kushoto, kwa kiasi kile kile. Tukizichanganya nusu kwa nusu, nuru haitageuka kabisa.

"Ipi itageuza kulia?" aliuliza mkuu wa idara kwa upole, na nikaona mwalimu ameinua kichwa.

"Siwezi kujua kwa kulitazama umbo, mzee. Mpaka tupime."

Walitazamana. Tukapima. Ile ya kisibiti ikageuza kulia, ya nanaa kushoto. Mchanganyiko ukasimama kwenye sifuri. Mwalimu aliandika alama mbele yangu, kwa wino ule ule mwekundu, kisha akanyoosha mkono. Tukashikana mikono. Alisema samahani kwa ile meza ya sinki, kwamba angalitakiwa kuniona zamani.

Jioni nilikwenda posta kupiga simu. Baba alishangilia mpaka nikaiweka mbali simu na sikio. Kisha akampa mama. Mama akaipokea, nasikia pumzi zake, na senti zangu zinashuka kwenye kisanduku.

"Umefaulu kweli, mwanangu?"

"Nimefaulu, mama."

"Alhamdulillahi," alisema. Halafu, taratibu, kana kwamba anamwambia mtu mwingine aliyeko chumbani: "Kitanda chake nilikuwa nimeshakitandika."