Nukta ya Dada Mkubwa

Dada wawili wa hapa Guildford waliniletea barua za marehemu mama yao nizichape ziwe kijitabu cha wajukuu. Mama hakuweka nukta wala herufi kubwa. Nilinakili kila neno lilivyo, kisha nikaanza nakala ya pili, ya kusomeka, yenye sentensi. Mstari mmoja ukanikwamisha:

"baba yenu amekufa nimemsamehe mkubwa sijamsamehe mdogo namwombea"

"Nukta ikae baada ya 'mkubwa'," alisema dada mkubwa. "Nimemsamehe mkubwa. Mkubwa ni mimi."

"Au ikae kabla," nikasema. "Baba amesamehewa. Kisha, 'mkubwa sijamsamehe'."

Akapiga meza. "Kwani wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo!" Nami nilishachemka. "Ndiyo maana sibahatishi. Mstari huu nauacha kama ulivyo, na maelezo chini ya ukurasa."

"Ili wanangu wasome kwamba haijulikani kama nilisamehewa?"

Nilimgeukia mdogo wake.

"Mpe nukta yake," alisema polepole. "Popote utakapoiweka, mimi naombewa."

Dada yake akaivuta karatasi, akaanza kuusoma mstari upya na nukta yake, mpaka kidole kikasimama chini ya 'sijamsamehe mdogo'.